Jaji Anapokukatiza

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu ya Tanzania kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa vifungu hivyo msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Mahakama Kuu ilikubaliana naye, Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kwa mahakama ya mazoezi, ile ambamo wanafunzi wa sheria husimama kama mawakili mbele ya jopo la walimu na mawakili walioketi kama majaji, shauri hili ni zuri mno, maana upande ulioshindwa nao ulikuwa na hoja za kuumiza kichwa.

Wahusika wa hadithi hii ni wa kubuni. Sheria wanayobishania ndiyo ya kweli.

Binti wa mwaka wa 3 amepangiwa upande wa mjibu rufani, yaani atetee hukumu ya Mahakama Kuu. Amepewa dakika 15. Kurasa zake sita amezikariri mpaka anajua kila aya inaanzia wapi, na hapo ndipo penye hatari, ingawa yeye anadhani ndiyo ngao yake. Saa mbili usiku ukumbi umejaa. Anashika kingo za meza ya wakili kwa mikono miwili, anajitambulisha, anamtambulisha mwenzake, anaanza. Sentensi ya tatu haijaisha, jaji wa katikati anaweka kalamu chini.

"Wakili, Mahakama imepata wapi mamlaka ya kuliambia Bunge litunge sheria gani?"

"Nitafika huko, Mheshimiwa Jaji, katika hoja yangu ya tatu."

"Sikuuliza utafika lini. Nimeuliza mamlaka yametoka wapi."

Anainamia karatasi. Anasoma aya inayofuata kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba swali halikuulizwa. Jaji analirudia kwa maneno mengine, na anapolirudia mara ya tatu sauti yake imekuwa kavu. Mtunza muda anainua kadi: dakika 11 zimebaki.

Hili ndilo kosa linalowaangusha wengi. Jaji akiuliza, hoja ya tatu imekuwa ya kwanza, basi. Akili yake iko kwenye swali lake, na chochote utakachosema kabla ya kulijibu hakisikii. Dalili ya kwamba hujamjibu ni hiyo hiyo ya kulirudia kwa sura nyingine. Wakili mzoefu akisikia swali lile lile mara ya pili huacha alichokuwa akisema, hata kama ni kizuri.

Mwenzake anasukuma kipande cha karatasi mezani. Kimeandikwa namba tu: 30(5). Binti anakitazama, anavuta pumzi, anakaa kimya kidogo. Ukimya huo unamtisha kuliko jaji, lakini hakuna sheria inayomkataza wakili kufikiri.

"Mheshimiwa Jaji, naomba radhi. Mamlaka yametoka kwenye Katiba yenyewe, Ibara ya 30(5). Mahakama Kuu ikiridhika kwamba sheria inakiuka haki za msingi, badala ya kuibatilisha papo hapo inaweza kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro. Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja. Haikutunga sheria, ilitumia njia ambayo Katiba imeiweka."

Jaji anaandika kitu. Hakutikisa kichwa, hakutabasamu, na binti anajifunza kwamba majaji hawalipwi kutabasamu. Lakini hakuuliza tena, na hiyo inatosha. Tazama alivyojibu: jibu lenyewe lilikuja katika sentensi ya kwanza, chanzo kikafuata, kisha akaonyesha linavyoisaidia hukumu anayoitetea. Angeanza na historia ya Katiba, angekatizwa tena kabla hajaifikia ibara.

Sasa anazungumzia usawa. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na umri wa 15 kwa huyu na 18 kwa yule ni ubaguzi wa wazi. Ameshapata mwendo. Jaji wa kulia, aliyekuwa kimya muda wote, anaegemea mbele.

"Wakili msomi, kama tatizo ni usawa, tushushe umri wa mvulana uwe 15. Wote watakuwa sawa. Utaridhika?"

Ukumbi unacheka. Binti anahisi masikio yakipata moto, kwa sababu swali ni la haki. Silika inamwambia akatae: hapana, haiwezekani, ni upuuzi. Akikataa, jaji atamuuliza ni neno gani katika Ibara ya 13 linalotaja 18, na neno hilo halimo.

Swali la aina hii huanza na "tuseme" au "kama", na kazi yake ni kuisukuma kanuni yako mpaka ukingoni kuona kama inasimama. Mwanafunzi mwoga huliona kama mtego, akapinga kila kitu. Anayejua shauri lake hujiuliza jambo moja tu: nikikubali hili, napoteza shauri? Kuna la kukubali bila hasara, na kuna ambalo ukilikubali ukae chini. Kazi hiyo ya kuyatenganisha hufanyika usiku wa kabla, kwa karatasi na kalamu, kwani mbele ya jopo muda hautoshi.

"Ndiyo, Mheshimiwa Jaji," anasema, na mwenzake anageuka kumtazama. "Usawa peke yake ungetimia hata kwa kushusha umri wa mvulana. Ndiyo maana mjibu rufani hasimami kwa usawa peke yake. Usawa unatuambia umri uwe mmoja. Umri huo uwe upi, tunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Itifaki ya Maputo, Ibara ya 6, inayoweka 18 kuwa umri wa chini wa mwanamke kuolewa. Tanzania imeiridhia. Kushuka kunafungwa na sheria hizo, kupanda hakufungwi."

Kisha anafanya jambo ambalo hakulikariri: anarudi mwenyewe kwenye njia yake. "Na hilo, Mheshimiwa, linanifikisha kwenye hoja yangu ya pili." Wengi hujibu vizuri halafu wakabaki wamesimama wakisubiri swali jingine, kana kwamba wameitwa polisi. Ukimaliza kujibu, wewe ndiye mwenye zamu.

Kadi ya sifuri inainuliwa akiwa katikati ya hoja ya tatu. Anaomba nusu dakika ya kuhitimisha, anapewa, anaitumia kutaja anachoomba: rufaa itupwe.

Baada ya kikao jaji wa kulia, ambaye kumbe ni wakili mpole tu wa mjini, anamwita pembeni.

"Binti yangu, ulipokubali lile la usawa nilikuwa na swali la pili tayari. Ukaniondolea."

"Asante sana, Mheshimiwa."

"Lakini Itifaki ya Maputo uliitaja haraka. Mkataba ambao Bunge halijautungia sheria ya ndani unambana jaji kwa kiasi gani? Raundi ijayo nitakuanzia hapo."

Mwenzake ameshaandika swali hilo juu ya ukurasa mtupu, na wawili hao wanauliza mlinzi maktaba inafungwa saa ngapi.