Kupita mjini au kuzunguka: lori na basi likifika Nairobi

Gari kubwa linalotoka Mombasa kuelekea Nakuru, Kisumu au Malaba lina njia mbili za kuivuka Nairobi. Ya kwanza inanyooka na Barabara ya Mombasa, inaingia Uhuru Highway katikati ya jiji na kutokea Westlands kwa Waiyaki Way. Ya pili, Baipasi ya Kusini, inachepuka kushoto karibu na hoteli ya Ole Sereni, inapakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, inavuka barabara za Lang'ata na Ngong, kisha inaungana tena na njia ya Nakuru huko Gitaru, karibu na Kikuyu.

Wengi hudhani kuzunguka ni kurefusha safari. Hapa sivyo. Baipasi ina takriban kilomita 28, na kupita mjini kutoka Ole Sereni hadi Gitaru ni kama hizo hizo. Kwa hiyo si umbali unaoamua, ni saa ya kufika na shughuli gari lililo nayo mjini.

Tuseme trela lenye kontena la Uganda limefika Ole Sereni saa mbili asubuhi, siku ya kazi. Likiwa na mzigo kamili, trela la ekseli sita linaruhusiwa kufikia tani 50, na uzito huo ukisimama kwenye foleni, kila kuondoka upya kunakula klachi na dizeli. Kipande cha mjini hadi Westlands kina kilomita 10 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, ni saa nzima, na mbele yake bado kuna karibu nusu saa hadi Gitaru. Kwenye baipasi trela hilo halikimbii pia, maana barabara inapanda zaidi ya mita 300 kabla ya kufika Gitaru. Hata likijikokota kwa wastani wa kilomita 35 kwa saa, linamaliza kwa dakika 48. Saa nane za usiku hesabu hiyo inayeyuka, kwa sababu mjini kweupe.

Zaidi ya muda, shehena ya kupita kwenda nchi jirani hufungwa kifaa cha kielektroniki cha Mamlaka ya Mapato, ambacho hutoa taarifa lori likiiacha njia iliyoidhinishwa. Dereva mwenye kontena la namna hiyo hana ruhusa ya kuchepuka River Road kununua chakula. Wala baipasi haimsaidii aliyezidisha mzigo, kwani mizani ya Athi River iko kabla ya Ole Sereni na ile ya Gilgil iko mbele ya Gitaru.

Basi lina hesabu nyingine kabisa. Basi la Mombasa–Kisumu huwa na abiria wanaoshukia Nairobi, wengine wanaopandia hapo, na vifurushi vya ofisini. Likizunguka, viti vya walioshuka vinakwenda vitupu hadi Kisumu. Basi lililoondoka pwani jioni hufika jijini alfajiri, kabla foleni haijakaza, na likitoka kuelekea Westlands saa moja asubuhi, wingi wa magari unakuja upande wa pili, ukiingia mjini. Jioni mambo hugeuka: anayetoka mjini ndiye anayekwama. Kwa basi la kukodi lisilo na wa kushusha, baipasi ndiyo njia, saa yoyote ya mchana.

Baipasi nayo ina ubaya wake, na unaonekana zaidi usiku. Lori likiharibika kwenye mlima wa kuelekea Kikuyu, likaachwa bila taa wala pembetatu za kuakisi, anayekuja nyuma kwa kasi analiona akiwa amechelewa. Tena njia za kutokea ni chache. Dereva akishapita makutano ya Ngong kisha mbele kukawa na ajali, trela haligeuki, atangoje. Ndiyo maana madereva wazoefu hupigia simu wenzao waliotangulia wakiwa bado Mlolongo, au humwachia utingo aangalie ramani ya simu kabla ya kufika Ole Sereni.

Lisilokwepeka ni foleni ya Mlolongo hadi Cabanas, kwa kuwa mlango wa Baipasi ya Kusini uko mbele yake. Basi linaweza kuiruka kwa barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022, na kushukia Haile Selassie. Kinadharia, lori linaweza kukata kulia Cabanas, lizunguke kwa baipasi za Mashariki, Kaskazini na Magharibi hadi Gitaru, lakini hizo ni zaidi ya kilomita 60. Baipasi ya Mashariki inamfaa hasa anayekwenda Thika, Nanyuki au Isiolo, maana inamtoa Ruiru bila kuugusa mji.