Nani bado yumo? Kupiga hesabu za kufuzu kwa picha ya msimamo

Picha ya msimamo ikishatua kwenye kundi la WhatsApp, mabishano huanza hapo hapo. Mmoja anasema timu fulani imeshafuzu, mwingine anamkatalia, wa tatu anatuma picha ya mechi zilizobaki. Huyo wa tatu ndiye aliye karibu na jibu. Msimamo unakuambia timu ina nini mkononi. Ratiba ndiyo inayokuambia ipate wapi zaidi, na imnyang'anye nani.

Tuchukue Kundi B la Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2023/24: ASEC Mimosas ya Ivory Coast, Simba ya Tanzania, Jwaneng Galaxy ya Botswana na Wydad ya Morocco. Kila timu inacheza mechi sita, na mbili za juu zinakwenda robo fainali. Baada ya mechi nne, Desemba 2023, msimamo ulisomeka hivi: ASEC pointi 10, Simba 5, Jwaneng 4, Wydad 3.

Kabla ya kubishana, hakikisha picha yenyewe inasema kweli. Simu ikitikisika kidogo, 3 inageuka 8 na 5 inageuka 6, na mtu anaweza kupiga hesabu nzuri sana juu ya namba mbovu. Dawa yake ni kwamba msimamo unajikagua wenyewe. Chukua safu ya ushindi, iliyoandikwa W, zidisha kwa tatu, ongeza sare zilizo kwenye D. Lazima upate pointi zilizoandikwa. Simba ilikuwa imeshinda mara moja na kutoka sare mbili: tatu na mbili ni tano, sawa. Kisha jumlisha kundi zima. Mechi yenye mshindi hutoa pointi tatu, ya sare hutoa mbili. Kati ya mechi nane zilizochezwa, sita zilikuwa na mshindi na mbili zilikuwa sare, yaani 18 na 4, jumla 22. Ukijumlisha 10, 5, 4 na 3 unapata 22 hiyo hiyo. Magoli nayo yana mizani yao: yote yaliyofungwa lazima yalingane na yote yaliyofungwa dhidi ya timu hizo hizo, maana kila goli lina mwenye kufunga na mwenye kufungwa. Kipimo hiki kinafaa kwa kundi zima tu. Picha iliyokatwa juu au chini haiwezi kukaguliwa hivyo.

Safu ya mechi zilizochezwa ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Februari 2024 mechi ya Abidjan kati ya ASEC na Simba ilichezwa siku moja kabla ya ile ya Botswana. Aliyepiga picha usiku ule alikuwa na Simba yenye mechi tano na Wydad yenye nne. Anayelinganisha pointi zao bila kutazama safu hiyo ataishusha Wydad mapema mno.

Sasa turudi Desemba. Mechi zilizobaki zilikuwa nne: ASEC na Simba, Jwaneng na Wydad, kisha Simba na Jwaneng, Wydad na ASEC. Swali: je, ASEC yenye pointi 10 ilikuwa imeshafuzu?

Watu wengi huanza kwa kumpa kila mtu ushindi wote. Simba inaweza kufika 11, Jwaneng 10, Wydad 9. Basi timu mbili zinaweza kuifikia au kuipita ASEC, kwa hiyo bado. Hesabu hii inaonekana sahihi, lakini imesahau ratiba. Simba na Jwaneng zinakutana. Ili Simba ifike 10 au zaidi lazima ishinde mechi zote mbili, maana ushindi mmoja na sare vinaiishia 9. Ikishinda zote, imeifunga Jwaneng, na Jwaneng haiwezi tena kupita 7. Wydad nayo mwisho wake ni 9. Hakuna namna yoyote ambayo timu mbili zingefika 10 kwa pamoja. ASEC ilikuwa imeshafuzu Desemba ile, ikiwa na mechi mbili mkononi.

Kwa hiyo ukipokea picha mbili, ya msimamo na ya ratiba, jambo la kwanza tafuta mechi zinazowakutanisha wanaogombea nafasi moja. Hapo ndipo hesabu ya "kila mtu anashinda" huvunjika. Mechi moja haiwezi kutoa pointi sita.

Mzunguko wa tano ulileta suluhu Abidjan, na Wydad ikashinda 1-0 ugenini kwa Jwaneng. Msimamo mpya: ASEC 11, Simba 6, Wydad 6, Jwaneng 4. Imebaki nafasi moja, timu tatu, mechi mbili: Simba na Jwaneng, Wydad na ASEC. Kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo kuna njia tisa tu, na zinatosha kuandikwa nyuma ya risiti.

Hapa lazima ujue kanuni ya timu zinapolingana pointi, na kanuni hiyo haimo kwenye picha. Ligi Kuu ya England hutazama kwanza tofauti ya magoli. CAF katika mashindano haya hutazama kwanza timu hizo zilipokutana zenyewe: pointi, kisha tofauti ya magoli, na tofauti ya magoli ya kundi zima inakuja baadaye. Wydad iliifunga Simba 1-0 kwao, Simba ikalipa 2-0 Dar es Salaam. Kwa jumla ya 2-1, Simba iko juu kila wanapolingana.

Ukiandika njia tisa zile, Simba ikishinda inapita, Wydad ifanye itakavyo. Hizo tatu. Simba ikitoka sare inafika 7: inapita iwapo Wydad haishindi, inatoka ikishinda. Simba ikifungwa, iko nje kabisa, kwa sababu Jwaneng inafika 7 na kuipita. Wydad ikishinda, nafasi ni yake. Ikifungwa, ni ya Jwaneng. Njia moja tu inabaki na utata: Simba ifungwe na Wydad itoke sare. Hapo Wydad na Jwaneng zinalingana kwa 7, na zilipokutana kila moja ilishinda 1-0 ugenini, kwa hiyo hata goli la ugenini halizitenganishi. Ndipo magoli ya kundi zima yanapoingia, na Jwaneng ilikuwa nyuma kwa hayo.

Simba tano, Wydad mbili, Jwaneng moja, na moja ya kugombewa kwa magoli. Wapo watakaosema basi Simba ilikuwa na nafasi tano kwa tisa. Sivyo; njia tisa hizo hazina uzito sawa, na orodha hii inasema kinachowezekana tu.

Machi 2, 2024, Simba iliichapa Jwaneng 6-0 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Wydad ikaifunga ASEC 1-0. Zote mbili zikamaliza na 9. Simba ikaenda robo fainali, na kilichoipeleka si magoli sita yale bali goli la pili katika ule ushindi wa 2-0 wa Desemba. Ungeishia 1-0, zingelingana hata kwa zilivyokutana, na hapo ndipo magoli ya usiku wa Mkapa yangehitajika kuhesabiwa.