Pakiti moja, lita moja: kwa nini kipimo cha maji ya ORS hakikisiwi

Mtoto anapoharisha, mzazi hupewa pakiti za ORS katika kituo cha afya na kuambiwa achanganye kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Wapo wanaopunguza maji ili dawa "iwe na nguvu", na wapo wanaoyaongeza ili pakiti moja itoshe siku mbili. Yote mawili ni hatari, na sababu yake inaonekana hata jikoni.

Nyunyizia chumvi nyanya zilizokatwakatwa za kachumbari, na baada ya dakika chache bakuli litakuwa na maji. Maji hayo yametoka ndani ya seli za nyanya. Seli imezungukwa na utando unaopitisha maji kwa urahisi lakini unaozuia chumvi. Chumvi ikizidi upande mmoja, maji huvuka kuelekea upande huo. Mwendo huu wa maji huitwa osmosisi.

Seli za binadamu hufuata kanuni hiyo hiyo. Chembe nyekundu za damu zikitiwa katika maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, hubaki na umbo lake, kwa kuwa maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Mchanganyiko huo huitwa isotoniki, na ndio hutumika katika dripu nyingi. Zikitiwa katika maji yenye gramu 30 za chumvi kwa lita, yaani haipatoniki, hunywea na kukunjamana. Zikitiwa katika maji matupu, ambayo ni haipotoniki, huvimba hadi kupasuka. Ndiyo maana maji matupu hayadungwi kamwe kwenye mshipa.

Mwilini, maji yamegawanyika katika sehemu kuu mbili. Mtu mzima wa kilo 60 ana takriban lita 36 za maji. Lita 24 zimo ndani ya seli na 12 ziko nje yake. Kati ya hizo 12, karibu 9 huzunguka seli na 3 tu ndizo maji ya damu. Kuharisha hupoteza maji na chumvi kutoka sehemu hii ya nje, iliyo ndogo zaidi. Kwa hiyo damu hupungua haraka, macho huingia ndani na mapigo ya moyo huenda mbio. Mtoto mchanga huzidiwa upesi zaidi kwa sababu akiba yake ni ndogo.

ORS hurudisha maji hayo kwa njia rahisi. Ukuta wa utumbo una milango inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, na vikiingia, maji huvifuata. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipunguza chumvi na sukari katika pakiti ili mchanganyiko uwe mwepesi kidogo kuliko damu, na maji yaingie mwilini kwa urahisi zaidi.

Chukua mfano wa mama aliyemimina pakiti ya lita moja katika chupa ya nusu lita. Mchanganyiko umekuwa mzito maradufu, kuliko hata damu. Badala ya utumbo kuyafyonza maji, damu ndiyo inayotoa maji kwenda tumboni, na kuharisha kunazidi. Chumvi ikipanda katika damu, seli za ubongo hunywea: mtoto ana kiu kali, analia bila kutulia, na anaweza kupata degedege. Soda na juisi zenye sukari nyingi nazo huvuta maji tumboni vivyo hivyo.

Akiitia katika lita mbili, au akimpa mtoto maji matupu peke yake, chumvi iliyopotea hairudi. Damu huwa nyepesi, maji huingia ndani ya seli, na ubongo huvimba. Mtoto hulegea, husinzia, na hapa pia degedege linaweza kutokea.

Pakiti haziko sawa: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita moja. Soma kwanza, kisha pima maji safi ya kunywa kwa chupa unayojua ujazo wake. Tia pakiti yote, koroga hadi iyeyuke, na usiongeze sukari wala chumvi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akiwa na damu kwenye choo, akilegea au macho yakiingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikichelewa kurudi.