Sifuri Iliyopotea Mapokezi

Karani wa zahanati anaandika namba ya simu ya mgonjwa, inayoanza na 07. Kesho yake sifuri ya mwanzo haipo, na ujumbe wa miadi haumfikii mgonjwa.

Karani, mtumiaji wa mwisho, hana kosa. Msanidi aliyetengeneza fomu naye alipeleka tarakimu zote 10. Aliyekosea ni mbunifu wa hifadhidata: safu ya simu aliipa aina ya `INTEGER`, yaani namba za kuhesabia, ambazo hazitunzi sifuri ya mbele. Simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ilistahili `VARCHAR`, maandishi.

Marekebisho ni ya msimamizi wa hifadhidata. Anachukua nakala rudufu kwanza, anabadili aina ya safu, kisha anarudisha sifuri kwenye namba zilizobaki na tarakimu 9. Karani hana ruhusa hiyo, na hapaswi kupewa.