Viatu vya ngozi vilivyokauka na mafuta ya miguu ya ng'ombe

Masomo yanaanza tena Septemba, na wengi wetu tumetoa chini ya kitanda viatu vya mwaka uliopita. Mwenzetu mmoja hapa Bukavu alituletea vya kijana wake: vigumu kama ubao, vyenye mipasuko midogo pale vidole vinapokunjika. Vililowa mvua, akavikausha karibu na mbabula. Joto la makala hukausha ngozi kupita kiasi. Nyuzi zake hushikana, na ukizikunja zinakatika. Pesa ya viatu vipya hakuwa nayo.

Alitaka kuvipaka mawese. Tulimkataza. Mawese huganda kukiwa baridi, huchafua soksi, na yakikaa yananuka. Tulichukua mafuta ya miguu ya ng'ombe, ile ile ya supu, kwa sababu hayagandi upesi kama mafuta ya tumbo, basi yanapenya ndani ya ngozi.

Tulichemsha miguu iliyosafishwa kwa moto mdogo, saa nne hivi, bila chumvi, maana chumvi ingekausha ngozi tena. (Supu tuliitia chumvi baadaye, haikupotea.) Ilipopoa tukaengua mafuta yaliyoelea, tukayapasha polepole katika sufuria ndogo mpaka yakaacha kutoa povu, ndipo tukajua maji yamekwisha. Tukayachuja kwa kitambaa.

Viatu tulivitoa kamba, tukafuta siraji ya zamani kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, vikakaa kivulini siku nzima. Kisha kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya uvuguvugu kwa viatu vyote viwili, tukisugua kwa kidole, zaidi penye mikunjo. Asubuhi mafuta yote yalikuwa yamenyweka, tukapaka tena, kidogo kuliko mara ya kwanza. Asubuhi ya pili yalibaki juu, yakang'aa: hapo ngozi imeshiba. Tulifuta yaliyobaki, ndipo tukaanza kuvikunja kwa mkono, taratibu. Kuvikunja kabla ya mafuta kungeongeza mipasuko. Na ukizidisha mafuta, kiatu kinalegea, vumbi linashika na siraji haikai.

Mipasuko haikufunga. Mafuta hulainisha, hayashoni. Pale palipotoboka kabisa alimpelekea fundi.

Kabla ya kuanza, tazama ukingo uliokatwa. Ngozi ya kweli ina nyuzi nyuzi. Ya bandia ina kitambaa chini na plastiki juu, na hiyo hainywi mafuta, inaambuka tu.

Mukaba wa baba unafanywa vilevile, lakini mpake upande wa nyuma, usio na rangi, ndipo mafuta yanapoingia. Penye matundu weka kidogo sana, la sivyo yatavutika na kupanuka.