Visima 18 na Watu 12,000: Kulipekua Bango Kitita la Mradi

Katika bango kitita la mradi wa maji vijijini, mstari wa mazao unasomeka hivi: "Wananchi wa vijiji 6 wanatumia maji safi na salama." Mstari wa matokeo, ulio juu yake, unasema: "Visima 18 vimechimbwa na jumuiya 6 za watumiaji maji zimejengewa uwezo." Mistari hiyo miwili imekalia viti visivyo vyake. Hata hivyo waraka kama huu hupita mikononi mwa watu wengi bila mtu kushtuka, kwa kuwa kila sentensi ikisomwa peke yake haina kosa. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, ila kila kilichomo ndani yake ni cha kawaida kwa yeyote aliyewahi kupewa kazi ya kukagua maandiko ya miradi.

Bango kitita, ambalo watu wa maofisini huliita logfremu, ni jedwali la mistari minne na safu nne. Chini kabisa kuna shughuli, yaani kazi zinazofanywa. Juu yake ni mazao, vitu ambavyo kazi hizo huacha nyuma. Kisha matokeo, mabadiliko ya watu kutokana na vitu hivyo, na juu kabisa lengo kuu. Kila mstari una maelezo yake, viashiria, njia za uthibitisho, na mategemeo, ambayo ni mambo yaliyo nje ya uwezo wa mradi lakini lazima yatokee ili ngazi moja izae nyingine. Jedwali hilo lilibuniwa mwaka 1969 na Leon Rosenberg na wenzake kwa ajili ya USAID, na katika miaka ya 1980 Wajerumani wa shirika la GTZ wakalijengea utaratibu wao wa kupanga miradi ulioitwa ZOPP.

Shida iliyowasukuma wabunifu wale inaeleza kwa nini mistari haipaswi kuchanganywa. Waliona kwamba meneja wa mradi hajui mwisho wa wajibu wake. Mavuno yakiwa duni kwa sababu ya ukame, analaumiwa yeye. Mavuno yakiwa mazuri kwa sababu bei imepanda, anasifiwa yeye. Tathmini ikageuka kuwa ugomvi. Ndiyo maana wakachora mpaka: mpaka kwenye mazao, meneja anawajibika moja kwa moja. Kuanzia kwenye matokeo, mambo yamo mikononi mwa watu wengine, na yeye anatakiwa kuonesha tu kwamba dau lake lilikuwa na msingi.

Kwa hiyo mkaguzi anayeanza kazi aulize swali moja kwa kila sentensi: mtendaji wa kitenzi hiki ni nani? Kuchimba kisima, kufunga pampu, kupima maji maabara na kuendesha mafunzo ni kazi za mradi au mkandarasi wake. Hayo ni mazao. Kuchota, kunywa, kuchangia fedha na kutengeneza pampu iliyoharibika ni kazi za wanakijiji, hivyo ni matokeo. Kwa swali hilo peke yake, mistari ya mfano wetu inarudi mahali pake. Na sentensi "Kuendesha semina 6 za uhamasishaji", ambayo katika jedwali lile imeandikwa kama zao la tatu, inashuka hadi kwenye shughuli, maana semina ikishaisha hakuna kilichobaki mezani isipokuwa orodha ya mahudhurio.

Kuna watakaosema huko ni kubishania viti. Lakini angalia kinachotokea mistari ikiachwa ilivyokuwa. Visima vikiwekwa kwenye matokeo, mradi unafaulu siku mkandarasi anapokabidhi kazi. Kama watu wanaendelea kuchota kwenye korongo kwa sababu maji ya kisima yana chumvi, jedwali halina mahali pa kulisema hilo. Upande wa pili, "wananchi wanatumia" ikiwekwa kwenye mazao, ofisa wa mradi anabebeshwa wajibu wa uamuzi wa mama mmoja mmoja anayebeba ndoo.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo jedwali hili linapoumbuka. Andiko linadai wanufaika 12,000. Sera ya Maji ya Taifa ya Tanzania ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, kiwe ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Visima 18 vya pampu ya mkono, kila kimoja kituo kimoja, vinahudumia watu 4,500. Hao 12,000 ni wakazi wote wa vijiji 6, waliohesabiwa kwa sababu wanaishi kwenye kijiji chenye kisima, hata kama nyumba zao ziko kilometa 3 kutoka hapo. Kwangu hili ni kosa zito kuliko la mistari kuchanganyika, kwa kuwa kila asilimia itakayokuja baadaye itagawanywa kwa idadi isiyo sahihi.

Hata hao 4,500 wanahitaji kuthibitishwa, na kifaa chake ni ndoo na saa. Watu 250 wakichota lita 25 kila mmoja, kisima kinatoa lita 6,250 kwa siku. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika moja na nusu, kazi hiyo inachukua karibu saa 8 za kupampu bila kupumzika. Inawezekana, kwa foleni. Ikijaa kwa dakika 3, zinahitajika saa 16, na hapo kisima kilichohesabiwa kuwa "kinafanya kazi" hakiwahudumii watu 250 hata kidogo. Kiashiria cha zao kinaweza basi kuandikwa hivi: idadi ya visima ambavyo, siku ya ukaguzi mwezi Oktoba, vinajaza ndoo ya lita 20 ndani ya dakika moja na nusu, na ambavyo maji yake yamepimwa na kukutwa hayana bakteria wa kinyesi katika mililita 100. Wakaguzi wawili wasiofahamiana wakienda kisima hicho hicho siku hiyo hiyo watarudi na jibu moja. Oktoba imetajwa kwa makusudi: ni mwisho wa kiangazi, maji ya ardhini yakiwa yameshuka.

Linganisha na kiashiria kilichokuwepo: "Asilimia 80 ya wajumbe wa jumuiya za maji wamejengewa uwezo." Asilimia 80 kutoka ngapi? Hakuna takwimu za mwanzo. Uwezo upi, na nani atautambua akiuona? Kwa kawaida anayejaza ripoti huchukua orodha ya mahudhurio, anahesabu sahihi, anagawanya. Namba inapatikana, lakini imepima kukaa kwenye kiti. Kinachotafutwa hapa ni vitu viwili tofauti. Zao ni mafundi wa jumuiya ambao mwisho wa mafunzo wamefungua pampu, wakabadilisha sili na kuirudisha mbele ya mwalimu. Matokeo ni jumuiya ambazo, miezi 12 baadaye, daftari lao linaonesha fedha zilizokusanywa katika miezi 3 iliyopita, na hitilafu ya mwisho ilitengenezwa ndani ya siku 7. Daftari lipo kijijini, linafunguliwa, linasomwa. Kama halipo, hilo nalo ni jibu.

Kwa upande wa matumizi ya maji, "asilimia ya wananchi wenye uelewa kuhusu maji salama" nayo iondoke. Mtu akiulizwa kama anajua umuhimu wa maji salama atasema ndiyo, hasa akiulizwa na mgeni aliyeshuka kwenye gari la mradi. Muulize badala yake: jana, maji ya kunywa ya nyumba hii yalichotwa wapi, na aliyekwenda alichukua muda gani kwenda, kupanga foleni na kurudi? Shirika la Afya Duniani na UNICEF hutumia dakika 30 za kwenda na kurudi, foleni ikiwemo, kama kikomo cha huduma ya msingi. Neno "jana" lina kazi yake, maana mtu anakumbuka jana kuliko anavyoweza kukadiria "kwa kawaida".

Linabaki la juu kabisa: "Magonjwa ya kuhara kwa watoto chini ya miaka 5 yamepungua kwa asilimia 40." Hakuna kiashiria kinachopendwa na wafadhili kama hiki, na hakuna kinachoshindikana kama hiki kwa mradi wa ukubwa huu. Safu ya uthibitisho inasema "takwimu za zahanati". Lakini vitabu vya MTUHA vya zahanati vinaandika watoto walioletwa, si walioumwa. Zahanati ikipata dawa baada ya miezi ya kukosa, wagonjwa kwenye kitabu wataongezeka ilhali ugonjwa haujaongezeka. Pia jumla zinazotolewa kwenye vitabu hivyo hazitenganishi watoto wa karibu na visima na wale wa vijiji jirani.

Njia nyingine ni kupita nyumba kwa nyumba kuuliza kama mtoto aliharisha katika wiki 2 zilizopita. Tuchukulie kwamba asilimia 15 walikuwa wanaharisha mwanzoni, na mradi unataka ishuke hadi 9. Ili tofauti hiyo ionekane bila kudhaniwa ni bahati, kanuni za kawaida za sampuli zinadai watoto wapatao 450 kila awamu. Kwa kuwa watoto wa kijiji kimoja hufanana kwa mengi, idadi hiyo mara nyingi huongezwa maradufu, na tunafika 900. Katika watu 4,500, watoto chini ya miaka 5 wakiwa asilimia 15, wapo 675 tu. Mradi ungehitaji watoto wengi kuliko inaowahudumia. Na awamu ya kwanza ikifanyika wakati wa masika na ya mwisho wakati wa kiangazi, kuhara kunaweza kubadilika pasipo kisima kuhusika.

Kwenye safu ya mategemeo kuna maneno yaliyozoeleka: hali ya siasa itabaki tulivu, jamii itashiriki. Hayasaidii kitu. Lililopaswa kuandikwa ni kwamba vipuri vya pampu vitauzwa karibu. Kama duka la karibu lenye sili na fito liko mkoani, zile siku 7 za matengenezo ni ndoto. Tegemeo lenye dalili zote za kushindwa haliachwi kwenye safu ile. Mradi una uwezo wa kupanga na mwenye duka la wilayani aweke vipuri, hivyo linahamishwa na kuwa zao, lenye shughuli zake na fungu lake kwenye bajeti.

Bajeti ndipo viashiria vingi hufia. Kila kiashiria kilichobaki kitafutiwe mstari wa fedha: nani ataenda, kwa usafiri gani, mara ngapi. Kipimo cha bakteria kwa visima 18 kinahitaji chupa safi, barafu na maabara inayofikika ndani ya saa chache. Kisipokuwa na fedha kifutwe mapema kuliko kuachwa kikajazwa kwa makadirio mwaka wa pili.

Mkataba ukiwa umeshasainiwa, mfadhili kwa kawaida hukubali viashiria virekebishwe katika miezi ya mwanzo, kabla takwimu za msingi hazijakusanywa, ila hukunja uso lengo kuu likiguswa. Basi sentensi ya lengo kuu ibaki, na kwenye kiashiria chake iandikwe wazi kwamba mwelekeo wa kuhara utafuatiliwa kupitia tafiti za kitaifa za afya, ambazo hutoa picha ya mkoa, na kwamba mradi hautadai sehemu yoyote ya mabadiliko hayo kuwa yake. Mistari iliyofutwa ihifadhiwe kwenye kiambatisho ikiwa na tarehe na sababu, maana mtathmini wa mwisho atakuja akiwa na jedwali la zamani mkononi, na swali lake la kwanza litakuwa wale watu 7,500 wamekwenda wapi.