Ufa Uliokuwapo Kabla ya Mpangaji

Mpangaji anapohama nyumba Dodoma, mzozo mara nyingi huanzia ukutani. Mwenye nyumba anaingia sebuleni, anainua macho juu ya dirisha, anaona ufa, na hapo hapo amana imekwishapata matumizi. Mpangaji anasema ameukuta, mwenye nyumba anasema haukuwapo, na dalali aliyewakutanisha hapokei tena simu.

Nitumie mfano nilioutunga kutokana na madai ya kawaida kabisa ya mji huu. Mpangaji aliingia katika nyumba ya Ilazo mwishoni mwa Agosti 2021, akaweka amana ya shilingi 350,000, akahama Februari 2025. Mwenye nyumba anadai 820,000: ufa wa sebuleni 280,000, kupaka rangi nyumba nzima 320,000, koki na shawa 90,000, na sinki la bafuni lililopasuka 130,000. Kwa hesabu yake, amana imekwisha na mpangaji aongeze 470,000.

Kabla ya picha yoyote, tuanze na sheria. Tanzania Bara haina sheria mahususi ya amana za wapangaji, na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Kinachobaki ni mkataba wenyewe pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Katika kifungu cha 89, sheria hiyo inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali ile ile lililokuwa nayo upangaji ulipoanza, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida na majanga yasiyotokana na uzembe wake, kama moto, mafuriko au tetemeko. Maneno yanayobeba uzito hapo ni “hali lililokuwa nayo upangaji ulipoanza”. Sheria haimwambii mpangaji arudishe nyumba nzuri. Inamwambia arudishe nyumba aliyopewa. Na kwa kuwa anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, ni mwenye nyumba anayetakiwa kuonyesha tofauti kati ya siku ile na leo. England walijenga utaratibu mzima juu ya wazo hilo: tangu mwaka 2007 amana za upangaji wa kawaida wa makazi hulindwa na mifuko maalumu, na msuluhishi hulinganisha hati ya kuingilia na ya kutokea. Kwetu kazi hiyo inabaki mikononi mwa wahusika wenyewe.

Ndiyo maana hati ya makabidhiano ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa siku ya kuingia, wakati kila mtu ana haraka ya kushusha vyombo. Fomu nyingi ninazoziona zina orodha ya vyumba, na mbele ya kila chumba neno moja: “nzuri”. Neno hilo humuumiza mpangaji. Akishasaini kwamba sebule ni nzuri, kila kasoro itakayoonekana baadaye itahesabiwa kuwa imezaliwa mikononi mwake. Mpangaji wetu wa Ilazo aliandika tofauti. Mstari wa 7 wa hati yake unasomeka: “Sebule, ukuta wa mashariki: ufa wa mshazari kutoka kona ya juu kulia ya dirisha, urefu sentimita 62, umepakwa rangi juu yake. Picha namba 14.” Mahali, umbo, kipimo, picha. Wote wawili wakasaini, na kila mmoja akabaki na nakala.

Picha namba 14 nayo haikupigwa ovyo. Picha ya karibu sana ya ufa haisemi ufa huo uko nyumba gani. Kwa hiyo zilipigwa tatu kwa mpangilio: ya kwanza inaonyesha ukuta mzima na dirisha lake, ya pili kona ya dirisha, ya tatu ufa wenyewe ukiwa na futi kamba pembeni. Taa ya kamera ilizimwa. Mwanga unaopiga ukuta kwa mbele hufuta kivuli, na ufa mwembamba hupotea ndani ya rangi. Ukishika tochi ubavuni, mwanga ukaambaa na ukuta, kila mkwaruzo na kila pele la rangi hujitokeza.

Kisha kuna suala la tarehe. Wengi hutegemea tarehe iliyochapwa pembeni ya picha, na hiyo ni dhaifu, kwa sababu saa ya simu hubadilishwa na maandishi huongezwa kwa urahisi. Faili halisi lililobaki ndani ya simu hubeba taarifa za siku na saa lilipopigwa, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na taarifa hizo huondolewa. Basi fanya yote mawili. Hifadhi faili halisi bila kuligusa, na siku hiyo hiyo mtumie mwenye nyumba picha hizo. Ujumbe wenyewe sasa una tarehe katika simu mbili, na moja si yako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa namna hii. Katika kuupima, inaangalia jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, kama haukuchezewa, na kama aliyeutengeneza anajulikana. Aliyepiga picha awe tayari kusema: nilipiga mimi, kwa simu hii, siku ile.

Turudi kwenye ufa, maana hapa Dodoma ufa una elimu yake. Sehemu za mabondeni na mbugani za mji huu zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinyeshewa na kunywea ukikauka. Mvua zetu, ambazo kwa kawaida hazifiki hata milimita 700 kwa mwaka, huja karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ardhi hukauka hadi kupasuka. Msingi usiochimbwa kwa kuzingatia hilo hupanda na kushuka pamoja na udongo, na ukuta hupasuka pale ulipo dhaifu, yaani kwenye kona za madirisha na milango. Ufa wa aina hii hukata mshazari, mara nyingi ukifuata maungio ya tofali kama ngazi, na huwa mpana upande mmoja kuliko mwingine. Ule unaokwenda sawasawa na renta, mwembamba kama uzi, hutokana na zege na tofali kutanuka na kunywea kwa viwango tofauti. Hakuna hata mmoja kati ya nyufa hizo unaoletwa na kochi la mpangaji.

Nyufa zinazoletwa na mpangaji zina sura nyingine. Msumari uliopigwa kwa nguvu huacha tundu na mipasuko mifupi inayotawanyika kulizunguka. Pigo la kitu kizito huacha plasta iliyobonyea. Mlango unaobamizwa hulegeza plasta kandokando ya fremu yake tu.

Umri wa ufa pia husomeka. Uangalie kwa tochi: ufa wa zamani una vumbi ndani, wakati mwingine utando wa buibui, na kingo zake zimelainika. Ukiona rangi imeingia ndani ya mpasuko, basi ufa ulikuwapo fundi alipopaka rangi. Ufa mpya una kingo kali na rangi iliyochanika pande zote mbili kwa umbo moja.

Hapa kuna tahadhari ambayo mpangaji asiipuuze. Picha yake ilipigwa Agosti, kiangazi. Ukaguzi wa kutoka ulifanyika Februari, katikati ya mvua. Upana wa ufa unaweza kutofautiana sana kati ya misimu hiyo, kwa hiyo kubishania milimita ni kupoteza muda, na anayejenga hoja yake juu ya upana anaweza kushindwa nayo. Urefu na njia ya ufa ndivyo vya kutegemea. Kama mtakubaliana, wekeni alama ndogo ya penseli pale ncha ya ufa inapoishia, na tarehe kando yake. Siku ya kutoka, ufa wa Ilazo ulipimwa sentimita 81. Umekua, ndiyo, lakini kwa njia ile ile kutoka kona ile ile. Hiyo ni kazi ya msingi, na gharama yake ni ya mwenye jengo.

Dai la rangi lilikuwa mchanganyiko. Picha za kuingia zinaonyesha rangi imebanduka sehemu ya chini ya kuta mbili, ikiwa na unga mweupe: chumvi inayopandishwa na unyevu kutoka ardhini. Hiyo haimhusu mpangaji. Kufifia kwa rangi kwa miaka mitatu na nusu ni uchakavu wa kawaida. Lakini katika chumba cha watoto kuna michoro ya kalamu ukutani, na picha ya 2021 inaonyesha ukuta safi. Ukuta huo mmoja ni wake, na fundi alikadiria 45,000.

Koki na shawa zimejaa ukoko mweupe. Maji ya visima vya Mzakwe, yanayohudumia sehemu kubwa ya mji, yana madini mengi, na ukoko huo hujijenga kwenye kila koki bila kujali anayeifungua. Ingekuwa mpini umevunjika, hoja ingekuwa tofauti.

Sinki ni la mpangaji bila shaka. Hati inasema “halina ufa wala pengo”, na sasa limepasuka. Hapo hakubishana. Aliuliza bei tu, na sinki la aina ile ile pamoja na ufundi likapatikana kwa 95,000, si 130,000.

Kukubali lililo lako hufanya lililobaki liaminike. Barua yake kwa mwenye nyumba, mama mtu mzima, ilikuwa fupi: “Mama, shikamoo. Nimepokea madai yako. Sinki na ukuta wa chumba cha watoto ni juu yangu, jumla 140,000. Makadirio ya fundi nimeambatanisha. Kuhusu ufa wa sebuleni, naomba utazame mstari wa 7 wa hati tuliyosaini pamoja na picha namba 14 niliyokutumia jioni ile. Rangi iliyobanduka chini ya kuta iko mstari wa 9, picha namba 17. Kuhusu koki, ukoko ni wa maji, hakuna kilichovunjika. Naomba nirudishiwe 210,000 iliyobaki katika amana.” Kila dai lilijibiwa kwa namba ya mstari na namba ya picha, na hakuna neno juu ya tabia ya mtu.

Mwenye nyumba akikataa, mlango wa kwanza ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu. Linapatanisha, na limepewa siku 30. Likishindwa, linatoa hati inayosema hivyo, na mgogoro wa nyumba unaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwaka huo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo hati iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kawaida husomwa kama ilivyo. Peleka hati halisi, picha zilizochapwa zikiwa na namba zake, na simu iliyozipiga. Wapatanishi wa kata wana faida moja kubwa: ni wakazi wa hapo hapo, na nyumba iko karibu. Waombe waende na tochi na futi kamba, kabla fundi hajaziba ufa.